Aliyekatazwa Mtungi wa Nili

Kila asubuhi, kabla hajasema neno na mtu yeyote, Khamphiu alikuwa anafunua mtungi wa nili, ile rangi ya buluu ya kutia vitambaa. Anainua kifuniko cha kusuka, anainama mpaka pua inakaribia kugusa povu, ananusa. Kisha anachovya ncha ya kidole, anaigusisha ulimini, anatema pembeni. Halafu ndiyo anasema, "Haya, umeamka." Hapo hata sisi tuliokuja kukamua vitambaa tulijua sasa ruhusa kumsalimia.

Siku nyingine alinusa akanyamaza. Basi aliongeza maji ya majivu, au chokaa kwenye ncha ya kijiko, au sukari nyekundu iliyoyeyushwa, akakoroga polepole kwa ubua wa mwanzi, akafunika. Hakuna kitu alichopima. Ukimuuliza kiasi gani, anakwambia, "Kiasi anachotaka yeye." Yeye ni mtungi.

Mikono yake ilikuwa ya buluu hadi karibu na viwiko, na kucha zilikuwa nyeusi. Watoto wa sokoni walimwita Kunguru. Naye akipita aliwanyooshea vidole vyote kumi kama anayetaka kuwashika mashavu, wakakimbia wakicheka.

Nyumba aliyoishi haikuwa ya kwao. Ilikuwa ya Bibi Bunlai, mama mkwe wake, hapa kwetu upande wa kaskazini wa ziwa Nong Han. Khamphiu aliolewa na Prasoet, mtoto wa kiume pekee wa bibi huyo. Prasoet akafa kwa ajali ya lori, hawakuwa wamepata mtoto. Watu wote walingoja waone lini mjane atafunga nguo zake arudi kwa mama yake, kijiji cha ng'ambo ya mashamba ya mpunga. Hakurudi. Wakati huo mikono ya Bibi Bunlai ilikuwa imeanza kutetemeka, na mtungi haupendi mkono unaotetemeka maana unaingiza hewa. Asubuhi moja bibi alimwachia kifuniko bila kusema kitu. Tangu hapo Khamphiu ndiye aliyeufunua.

Kwetu si jambo dogo hilo. Mtungi mmoja, mkono mmoja. Sisi ni Wakatoliki tangu babu za babu zetu, lakini mtungi wa nili una amri zake ambazo hata padri haziingilii. Mwanamke aliye kwenye siku zake hausogelei. Aliyetoka msibani hausogelei mpaka aoge maji ya maganda machungu, yale tunayoogea kuondoa nuksi, na alale nje ya banda la mtungi mpaka Bibi Bunlai amwambie sasa ingia. Mtungi ukiudhiwa, unakimbia. Maji yamo, rangi imo, ila hauumi kitambaa. Unachovya kitambaa kinatoka na buluu ya juujuu, ukikisuuza yote inaondoka na maji.

Mwaka huo padri alitaka vitu vikubwa kwa Krismasi. Alitaka kitambaa cha ukutani cha kutundika nyuma ya altare, upana wa ukuta mzima, na vitambaa virefu vya kutandika katikati ya meza zote za uwanjani, pale watu wanapokula pamoja baada ya maandamano ya nyota, magari yanapozungushwa yamebeba nyota za mianzi na karatasi. Pamba nyeupe tupu ililetwa mzigo kwa mzigo. Jioni ile wanawake wa mtaa wote walikaa barazani kwa Bibi Bunlai kuigawana, na bibi akasema mbele yao:

"Kazi hii ikienda vizuri, mtungi ni wa Khamphiu. Nikifa msiulizane."

Khamphiu alikuwa anakata uzi kwa meno. Aliacha uzi mdomoni, akasahau kuukata.

Aliyekuwa amekaa karibu naye ni wifi yake, Rachani, binti wa mwisho wa Bibi Bunlai. Alikuwa amerudi kutoka Bangkok ambako alitandika vitanda hotelini miaka mingi, na alikuwa hajasema kama amerudi kutembea au kukaa. Alicheka akasema, "Haya, Wifi, umepata mume mwingine. Huyu hafi, ila ananuka." Wote wakacheka, Khamphiu naye.

Kazi ilianza vizuri. Tulichemsha pamba yote kwanza kwenye maji ya majivu mpaka maji yakawa ya manjano ya uchafu, maana pamba mpya ina mafuta yake na rangi haiingii sawasawa. Vile vya rangi ya udongo tulivichemsha kwenye majani ya chai, chai nzito ya kuweka mdomo ukakasi. Tulipotaka vilima vyeusi-kijivu chini ya kitambaa cha ukutani, Khamphiu alitupia kwenye sufuria ya chai misumari yenye kutu, na rangi ikageuka mbele ya macho yetu kama wingu la mvua. Vya manjano vililala kwanza kwenye maji ya shabu, ile chumvi ya kushikisha rangi, kisha vikachemshwa na maganda ya vitunguu vyekundu. Unaona maganda mekundu ukadhani utapata wekundu, kumbe inatoka dhahabu. Nyota kubwa ya katikati ingekatwa kwenye dhahabu hiyo. Nyota ndogo zilikuwa zimeshafungwa kwa nyuzi kwenye kitambaa kikubwa, fundo kwa fundo, kazi ya wanawake kumi, zikingoja nili. Palipofungwa pangebaki peupe, penginepo pote pangekuwa usiku.

Kilichobaki kilikuwa ni hicho, nili. Wakati huo baridi ilikuwa imeshuka kutoka ziwani, na mtungi kwenye baridi unazubaa kama mtu.

Ndipo mama yake Khamphiu akafa.

Alikwenda, akazika. Aliporudi hakuingia bandani. Alioga maji ya maganda machungu, akatandika mkeka jikoni, akamwambia wifi yake, "Uuangalie mtungi kwa ajili yangu. Usichovye kitu. Uunuse tu, uufunike."

"Nitanusa mpaka pua iote buluu," Rachani akasema.

Asubuhi ya tatu ya kulala jikoni upepo ulivuma mkali. Koti la Khamphiu lilikuwa linaning'inia kwenye msumari, ndani tu ya mlango wa banda. Alisimama nje, akaingiza mkono, akalichukua. Mama Uthai, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa anafagia uani kwake. Alimwona.

Siku bibi alipomwambia ingia, sisi wakamuaji tulikuwa tumeshakaa tukipasha mikono motoni. Khamphiu aliinua kifuniko, akainama, akanusa. Akanusa tena. Akachovya kidole, akaonja, hakutema. Alibaki ameinama vile mpaka mmoja wetu akaacha kupuliza moto.

Nilisogea nikaona. Maji ya mtungi wenye afya yana rangi kama jani lililozeeka, manjano-kijani, na juu yake utando unaong'aa kama shaba na povu la buluu. Siku ile yalikuwa buluu kutoka juu hadi chini, kama wino wa shule. Utando haukuwepo. Povu lilikuwa limekufa, limebaki pembezoni kama mate.

"Rachani," aliita bila kugeuka. "Njoo."

Rachani alikuja amejifunga shali hadi masikioni. "Umeamka?"

"Nani alichovya humu?"

"Mimi. Vile vichache tu." Akaonyesha kamba ya kuanikia. Nyuma ya vitambaa vya chai kulikuwa na vitambaa vya meza ambavyo jana vilikuwa vya dhahabu, sasa vina kijani, mabaka mabaka. "Nikasema Krismasi bila kijani ni Krismasi gani? Dhahabu ukiichovya kwenye buluu unapata kijani, si ndiyo? Wewe mwenyewe uliniambia."

"Nilikwambia buluu kwanza, ndipo kitunguu. Vilikuwa vimetoka kwenye shabu?"

"Vilikuwa vimetoka kwenye sufuria."

"Ulivisuuza?"

"Nilivikamua."

"Kwa maji, Wifi. Ulivisuuza kwa maji?"

Rachani alimwangalia, akaangalia kamba, akaangalia mtungi. "Nilivikamua sana," alisema kwa sauti ndogo.

Khamphiu alifumba macho. Mtungi unaishi kwa ukali wa majivu na chokaa. Shabu ni kali pia, lakini ukali wa upande wa pili, kama ndimu. Ukiutia mmoja juu ya mwingine, vinauana. Hata sisi tuliokuwa wa kukamua tu tulijua hivyo, kwa sababu ndoo ya shabu haikuruhusiwa kabisa kuvuka kizingiti cha banda.

Labda ingeishia pale, wifi na wifi wakagombana wakapatana. Lakini Mama Uthai alikuwa amesikia ukimya, na ukimya wa banda la nili unasikika mbali kuliko kelele. Alifika na ufagio mkononi.

"Umekimbia?"

Alichungulia mtungini mwenyewe.

"Nilijua. Nilijua tangu siku ile ya koti." Akageukia uani, akapaza sauti kama anayeita kuku. "Dada Bunlai! Njoo uone mtungi wako! Mtu ametoka kuzika juzi, anaingiza mkono bandani kama ametoka sokoni!"

"Mkono tu," Khamphiu alisema. "Nilichukua koti."

"Mkono ni wa nani? Si wako?"

"Mama Uthai, angalia kamba. Angalia vile vya kijani. Vina shabu."

"Shabu, shabu. Mtungi wa bibi yangu uliwahi kukimbia kwa sababu mtu amepita nje tu na ubani wa msibani kwenye nywele. Hapakuwa na shabu."

Walikuja wengine wawili, watatu. Wanawake walewale waliofunga nyota. Kila mmoja alitia kidole hewani juu ya mtungi bila kugusa, akatikisa kichwa. Mmoja alisema mafundo yote yale, macho yake yote yale, sasa ni kwa ajili ya nini. Sikukuu ilikuwa karibu hivi kwamba wanaume walikuwa wameshaanza kupinda mianzi ya nyota za magari.

Bibi Bunlai alishuka ngazi polepole, ameshika mbao za ukuta. Walimpisha. Aliinama kwa shida. Kidole chake kilitetemeka kikapiga maji, akakipeleka ulimini.

Mimi nilikuwa upande wa pili wa mtungi, chini kidogo, na nilimwona usoni. Mtungi wenye afya una ladha ya sabuni, unachoma ncha ya ulimi. Bibi Bunlai alikunja uso. Aliukunja kwa pembeni, jicho moja likajifumba, kama mtu aliyeuma embe bichi. Halafu akainua macho, akaangalia kamba, vile vya kijani. Akamwangalia binti yake aliyejifunga shali. Aliangalia kwa muda.

"Khamphiu," alisema. "Toka bandani."

"Mama."

"Toka. Rachani ndiye atakayeushika."

"Mama, umeonja. Una ladha gani?"

"Ladha ya mtungi uliokimbia. Toka, usiuzidishie."

Khamphiu alitoka. Alisimama nje ya kizingiti, mikono yake ya buluu imening'inia, na hakuna aliyejua aiweke wapi, hata yeye.

Saa hiyohiyo alipewa kazi ya sufuria za nje, chai na vitunguu. Kazi ambayo mtoto yeyote anaweza. Alizichochea. Ndani Rachani alikuwa anauzunguka mtungi kama mtu aliyeachiwa mtoto wa mwenzake analia. Mwishowe alichungulia.

"Wifi. Nifanye nini?"

"Umeambiwa uushike, ushike."

"Wifi, usinifanyie hivyo. Ukifa moja kwa moja, padri atatundika nini? Shuka za hoteli?"

Khamphiu aligeukia moto. Alisukuma kuni. Halafu akaja hadi kwenye kizingiti, akasimama, vidole vya miguu vimegusa mbao lakini havijavuka.

"Unanukaje?"

"Unanuka vibaya."

"Vibaya kama nini? Samaki, mkojo, au maji ya kuoshea vyombo?"

Rachani aliinama, akarudi nyuma, akainama tena. "Kama nguo mbichi iliyosahauliwa kwenye ndoo."

"Onja."

"Siwezi."

"Ulisema utanusa mpaka pua iote buluu. Onja!"

Akaonja, akatema mara tatu, machozi yakamtoka. "Mchachu. Mchachu kidogo."

"Haya. Leta maji ya majivu, yale ya mtungi wa juu, mazito. Pasha kidogo. Weka mkono: yawe kama maji ya kumwogesha mtoto. Usimwage kutoka juu! Telezesha ukutani. Usitie hewa."

Ndivyo tulivyoishi siku zilizofuata. Mmoja ndani anashika hajui, mmoja nje anajua hashiki. Asubuhi tulikuta Khamphiu ameshafika kizingitini, anamwita wifi yake aamke. Alipima mtungi kwa macho ya mwenzake na ulimi wa mwenzake. "Povu lina rangi gani? Nyeupe? Nyeupe ya maziwa au ya mate? Inua kwa ubua, maji yanadondoka rangi gani? Usiniambie buluu, buluu ziko ngapi duniani?" Aliamrisha chokaa kwa ncha ya kijiko. Aliamrisha sukari nyekundu. Alituagiza nyasi kavu za mpunga tuufunge mtungi kiunoni, na juu yake blanketi la zamani la Prasoet, na matofali yaliyopashwa moto tuyazungushe chini. Kisha tusiuguse. Huko kusubiri ndiko kulikokuwa kubaya. Padri alipita mara moja na baiskeli, akauliza wanaendeleaje, Bibi Bunlai akamjibu kutoka dirishani, "Vizuri." Akapita. Tulikula wali wa kunata na samaki wa kuchoma tumeupa mtungi mgongo, kama unaumwa na hatutaki uone tunakula.

Siku moja, tukila hivyo, Rachani alisema bila kumwangalia mtu, "Najua ni mimi."

Khamphiu alikuwa anafinyanga tonge. "Najua unajua."

"Lakini Mama ameshasema. Nikisema mimi, watasema namtetea wifi yangu. Akisema yeye, wote watanyamaza."

"Basi mwambie aseme."

"Nilimwambia." Rachani alichovya wali kwenye pilipili, akauacha pale. "Alisema, wewe ndiye mwanangu niliyebaki naye. Akazima taa."

Khamphiu alikula tonge lake. Alikula lote, kisha akalamba vidole, kisha akaenda kuangalia sufuria za chai.

Asubuhi ya pili yake Rachani alifunua mtungi akapiga ukelele uliotufanya tuangushe ndoo.

"Wifi! Kuna ngozi! Kuna ngozi juu, inang'aa!"

"Rangi gani?" Khamphiu alikuwa kizingitini, ameshika miimo ya mlango kwa mikono yote miwili.

"Kama... kama sufuria ya shaba. Na zambarau kidogo. Na chini yake maji ni ya kijani, manjano, kijani!"

"Onja."

Rachani akaonja. Hakutema. "Unachoma," alisema, akaanza kulia na kucheka. "Unachoma ulimi, Wifi!"

Khamphiu aliegemeza paji la uso kwenye mwimo. Alibaki hivyo kidogo tu. "Jaribu kitambaa kidogo. Lowesha kwanza. Kiingie kimelowa."

Kile kitambaa kidogo kilitoka mtungini kijani kama jani la mgomba, na hewa ikakishika, na tukaona buluu ikitembea juu yake kutoka kwenye mikunjo kwenda kwenye pindo. Tulikisuuza. Tulikisuuza tena. Maji yakawa safi, buluu ikabaki.

Hatukupumzika. Kitambaa kikubwa kiliingizwa kwa mikono ya watu watatu, polepole, kama kuingiza mgonjwa kwenye maji, na Khamphiu kutoka nje: "Fungua mikunjo chini ya maji. Chini! Usiinue. Mafundo yasivutwe. Kamua kikiwa bado ndani, ndipo ukitoe." Tukakitoa, kikapumua, kikageuka. Tukakirudisha. Mara nyingine na nyingine, na katikati tukauacha mtungi upumzike, kwa sababu ukiuchosha haukupi kitu. Kila mara buluu ilishuka zaidi. Rachani alikuwa na buluu hadi mabegani, na hakulalamika tena juu ya harufu. Kuna mara Khamphiu aliinua mguu, ukawa juu ya kizingiti, maana kona moja ya kitambaa ilikuwa inaelea na Rachani hakuiona. Mama Uthai, aliyekaa uani akikata maua ya karatasi, alikohoa. Mguu ukarudi.

Siku ya kufungua mafundo wote walikuja. Nyuzi zilikatwa moja moja kwa wembe, na kila ulipokatwa uzi, nyota ilifunguka nyeupe, na mwanamke aliyeifunga alisema, "Hii yangu." Hata Mama Uthai alisema, "Hii yangu, ya pembe mbaya." Nyota kubwa ya kitunguu ikashonwa katikati, vilima vya chai na kutu vikashonwa chini. Vile vitambaa vyenye mabaka ya kijani hakuna aliyevitaka, ila Rachani alivisuuza vizuri akavikunja, akasema vitatandikwa meza ya watoto, watoto hawajui mabaka.

Tulikipeleka kanisani mchana wa mkesha. Wanaume walipanda ngazi wakakitundika. Kilipoachiwa kikashuka, padri aliondoa miwani akaifuta, akaivaa tena. "Nani ametia buluu hii?"

"Nyumba yangu," Bibi Bunlai alisema. Alikuwa amekaa benchi la mbele, amevaa sketi yake nzuri. Sauti yake ilikuwa na furaha. "Binti yangu ndiye aliyeushika mtungi."

Rachani aliangalia chini.

"Na nusura tukose, Baba," Mama Uthai aliongeza. Alikuwa na furaha pia, nadhani hakuwa na nia mbaya siku ile. "Mtungi ulikimbia kabisa. Mtu ametoka msibani akaingiza mkono. Tumeurudisha kwa maombi."

Wanawake wakacheka kama walioponea chupuchupu. Padri akatabasamu vile anavyotabasamu mtungi ukitajwa.

Khamphiu alikuwa karibu na nguzo, ameshika kikapu cha sindano na nyuzi. Alikuja mbele. Alitembea kawaida. Alipiga magoti kwa Bibi Bunlai, kama anavyopaswa mkwe, akaunganisha viganja.

"Mama. Padri yupo, na wote wapo. Sitaki mtungi leo. Sema tu neno moja, kwamba haukukimbia kwa ajili yangu. Wewe uliuonja."

Vicheko vilikatika. Mtu aliyekuwa juu ya ngazi alishika nyundo hewani.

Bibi Bunlai alitazama viganja vile vya buluu vilivyokuwa mbele ya uso wake. Mkono wake mwenyewe ulitetemeka juu ya goti, akaushika kwa mwingine. Nilidhani atasema. Midomo ilifunguka. Akageuza macho kwa Rachani, na Rachani alikuwa anamwangalia, anatikisa kichwa kidogo, si kukataa, kama anayesema sema, Mama, sema.

"Mtungi umerudi," Bibi Bunlai alisema. "Sikukuu imefika. Unataka nini tena, mwanangu? Inuka, utachafua sketi."

Khamphiu aliendelea kupiga magoti, kama anayengoja kusikia kama kuna lingine. Halikuwepo. Aliinama mpaka paji la uso likagusa viganja, akainuka. Alinipa mimi kikapu cha sindano, kwa sababu nilikuwa karibu. Alifungua fundo la aproni yake, akaikunja mara mbili, akaiweka kwenye benchi pembeni ya mama mkwe wake.

"Wifi," Rachani alisema. "Wifi, ngoja. Kesho tule wote."

"Usisahau kuufunika," Khamphiu alimwambia. "Baridi itazidi."

Alitoka kwa mlango wa ubavuni. Nje magari yalikuwa yamepangwa, nyota za mianzi na karatasi zinafungwa juu yake, vijana wanagombania waya wa taa. Meza ndefu zilikuwa zimeshatandikwa, dhahabu, udongo, dhahabu, na ile ya watoto mwishoni. Mmoja wa watoto wa sokoni alimwona akaita, "Kunguru!" akajiandaa kukimbia. Khamphiu hakunyoosha vidole. Alipita katikati ya meza bila kugusa kitambaa hata kimoja, akavuka barabara ya ziwani, akashika njia ya kwenye matuta ya mpunga, upande ambao si wa nyumbani kwa Bibi Bunlai wala si wa kijiji cha marehemu mama yake. Nilimtazama mpaka koti lake likawa dogo kuliko mabua yaliyobaki shambani baada ya mavuno. Hakurudi.